Majalada kumi na sita mkononi

Mkulima wa Newala akishapima korosho zake kwenye chama cha msingi, AMCOS kama wote tunavyoiita, hupewa stakabadhi na kazi yake kubwa inayobaki ni kusubiri. Mzigo hupelekwa ghala kuu, hupigwa mnada, mnunuzi hulipa, makato hukatwa, na kinachobaki huingia kwenye akaunti ya mkulima. Ndivyo mfumo wa stakabadhi ghalani ulivyokusudiwa tangu ulipoanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08, miaka michache baada ya Bunge kupitisha sheria yake mwaka 2005.

Wapo ambao fedha haziingii. Jina kwenye stakabadhi lina sehemu mbili na la benki lina tatu. Akaunti imelala kwa sababu haijaguswa tangu msimu uliopita. Karani alikosea tarakimu moja, au mwenye akaunti amefariki na watoto ndio walioleta mzigo. Kila mmoja wa hawa hugeuka jalada juu ya meza ya mtu fulani, na kila jalada lina mwenyewe, ambaye atakuja siku ya soko kuuliza: limefikia wapi?

Makala hii ni ya mtu aliye upande wa pili wa meza hiyo, yule mwenye majalada. Swali lake ni moja, nalo ni gumu kuliko linavyosikika: afungue majalada mangapi kwa wakati mmoja, na atajuaje kwamba yeye na wenzake wanatii idadi waliyokubaliana?

Wazo la kuweka kikomo kwenye kazi zilizo mkononi lilikulia viwandani Japani. Taiichi Ohno wa Toyota alitumia kadi, kanban kwa lugha yao, ili kituo kimoja kisitengeneze vipuri kuliko kituo kinachofuata kinavyoweza kupokea. Mwaka 2004 David Anderson na Dragos Dumitriu walilipeleka ofisini, kwa timu ya Microsoft iliyokuwa Hyderabad, India, ikirekebisha programu za ndani za kampuni hiyo. Timu ilikuwa imezama kwenye maombi. Sehemu kubwa ya muda wa mafundi ilikuwa ikiliwa na kukadiria kila ombi jipya lingechukua siku ngapi, na makadirio hayo yaliyachelewesha maombi yale yale yaliyokuwa yakikadiriwa. Waliacha kukadiria, wakapunguza idadi ya maombi yaliyoruhusiwa kuingia mkononi, na foleni ikaanza kusogea. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya malipo msimu wa korosho anaujua ugonjwa huo: nusu ya siku inaishia kuwaeleza watu kwa nini kazi yao haijaisha.

Nyuma ya wazo hili kuna kanuni fupi ambayo John Little aliithibitisha kihisabati mwaka 1961. Gawa idadi ya kazi zilizo wazi kwa idadi mnazomaliza kila wiki, na jibu ni wiki ambazo kazi moja hukaa mkononi, kwa wastani. Majalada 60 na kasi ya majalada 10 kwa wiki ni wiki sita, hata kama kila karani anatoka jasho.

Kusini hatuna haja ya kwenda mbali kuona kanuni hiyo ikifanya kazi. Oktoba 2018 wakulima walizikataa bei za mnada. Novemba 12 mwaka huo Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya Jeshi la Wananchi yakaanza kusomba. Malipo yalitakiwa yafuate uhakiki, ili fedha zisiende kwa wafanyabiashara wa kangomba waliokuwa wamenunua korosho kwa wakulima kwa bei ya kutupa nje ya mfumo. Nia ilieleweka. Lakini mzigo ulipokelewa kwa mwendo wa malori, na uhakiki ulikwenda kwa mwendo wa watu wanaokagua daftari na kutembelea mashamba. Mwaka 2019 ulipoingia, wakulima wengi walikuwa bado wanasubiri. Sababu zilikuwa nyingi, fedha na soko zikiwamo, na sidai kwamba kikomo kwenye jedwali kingezitatua. Ninachosema ni kwamba mwendo wa kupokea ukizidi sana mwendo wa kumaliza, anayesubiri anaweza kujipigia hesabu ya subira yake kabla hajaambiwa na mtu.

Sasa tuingie ofisini. Mfano ufuatao nimeutunga, na nimeuunganisha kwa makusudi: katika hali halisi Masasi iko chini ya chama kikuu cha MAMCU na Newala chini ya TANECU, lakini hapa tuseme ni timu moja ya makarani wanne, wawili Masasi na wawili juu Newala, wanaoshughulikia malipo yaliyokwama. Wanatumia jedwali moja la kompyuta ambalo wote wanaliona. Kila jalada ni mstari. Hatua ni tatu: kukagua stakabadhi na uzito, kuthibitisha akaunti na benki, kisha kuandaa malipo ya marudio. Kabla ya hatua hizo kuna foleni, ambapo jalada limeandikishwa tu na hakuna aliyeligusa.

Siku walipohesabu kwa mara ya kwanza, majalada yaliyokuwa yamefunguliwa yalikuwa 62. Kwa wiki walikuwa wakimaliza kama 10. Walikubaliana kikomo cha 16: manne kwenye ukaguzi wa stakabadhi, manane benki, manne kwenye marudio ya malipo. Benki ilipewa nafasi nyingi kwa sababu kule ndiko jalada hukaa bila mtu wa ofisini kuwa na la kufanya. Manne kwenye kila hatua ya mikono ni jalada moja kwa kila karani katika hatua hiyo.

Namba hizo si siri ya kitaalamu. Unaanza na hali ilivyo, unahesabu kwa wiki mbili hivi majalada yanayokaa kila hatua, kisha unaweka namba chini ya hapo, ndogo kiasi cha kubana na si ndogo kiasi cha kuwaacha watu mikono mitupu. Kutoka 62 hadi 16 kwa siku moja haiwezekani. Kama wangeacha kabisa kufungua majalada mapya, kwa mwendo wa 10 kwa wiki wangehitaji karibu wiki tano, na hakuna ofisi ya korosho itakayokaa wiki tano bila kumfungulia mtu jalada. Kwa hiyo walishuka kwa ngazi: 40 kwanza, kisha 28, kisha 16. Majalada ambayo hayakuwa yameguswa kwa muda mrefu yalirudishwa foleni waziwazi, kila moja likibaki na tarehe yake ya mwanzo.

Kikomo peke yake hakimfupishii mkulima safari yote. Jalada lililokuwa likikaa wiki sita juu ya meza sasa litakaa wiki moja na nusu mezani, lakini litakuwa limengoja foleni kabla ya hapo. Faida ya kweli iko kwingine. Jalada linalokwenda moja kwa moja halihitaji kusomwa upya kila linaporudiwa, barua ya benki haichakai kabla haijatumika, na karani anaweza kumwambia mtu ukweli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimefuata lile la malipo yangu."

"Bado halijaanza, mzee. Liko la saba kwenye foleni. Likianza, nitakupigia."

Jibu hilo ni gumu kulitoa mbele ya mtu aliyepanda basi asubuhi. Jepesi ni kusema "tunalishughulikia", kulichomoa jalada na kuliweka mezani ili alione. Hapo kikomo kimevunjwa, kwa heshima zote.

Ndiyo maana inabidi kukagua. Programu nyingi za kufuatilia kazi hazitakukagulia. Ukiweka kikomo kwenye safu ya Jira, safu itageuka nyekundu idadi ikizidi, lakini kadi ya ziada itapokelewa. Ubao wa GitHub nao utakuonyesha namba na kikomo chake, basi. Zaidi ya hapo, ubao unakuonyesha leo. Ukiufungua Jumatatu asubuhi ukakuta majalada 16, hujui Alhamisi iliyopita yalikuwa mangapi.

Dawa yake ni tarehe mbili kwenye kila mstari: siku jalada lilipoanza kushughulikiwa na siku lilipokwisha. Tuseme safu ya B ina tarehe ya kuanza, safu ya C ina tarehe ya kumaliza, na pembeni, kwenye safu ya E, umeorodhesha siku za msimu. Fomula hii huhesabu majalada yaliyokuwa wazi mwisho wa siku iliyo kwenye E2:

```
=COUNTIFS(B:B,"<="&E2,C:C,">"&E2)+COUNTIFS(B:B,"<="&E2,C:C,"")
```

Nusu ya kwanza inahesabu yaliyokuwa yameanza na yakaja kumalizika baadaye. Nusu ya pili inahesabu yaliyoanza na hayajamalizika hadi sasa. Ivute chini, na historia ya msimu mzima inajitokeza siku kwa siku, pamoja na siku ambazo hakuna aliyekuwa akiangalia.

Katika mfano wetu, wiki ya tatu baada ya kufika kikomo cha 16 ilisomeka hivi: Jumatatu 15, Jumanne 16, Jumatano 16, Alhamisi 19, Ijumaa 16. Jicho la kiongozi litakimbilia Alhamisi. Siku hiyo fedha za mnada zilikuwa zimeingia benki, malalamiko mapya yakamiminika, na mtu mkubwa alipiga simu kuhusu jamaa zake watatu. Kuzidi kwa siku moja, kukiwa na sababu inayojulikana na kukarudi mahali pake kesho yake, si jambo la kuitishia kikao. Mimi ningeitilia shaka zaidi wiki inayosomeka 16, 16, 16, 16, 16. Kazi halisi hupanda na kushuka. Namba isiyotikisika kabisa inaweza kuwa dalili kwamba watu wamejifunza kuandika namba.

Cha kutazama kinachofuata ni umri. Kwa kila jalada lililo wazi, toa tarehe ya kuanza kwenye tarehe ya leo, kisha panga kuanzia kubwa. Makarani wetu walipofanya hivyo walikuta majalada matano, yote kwenye hatua ya benki, yamekaa zaidi ya wiki tatu. Kwa mwendo wao, jalada la kawaida lilipaswa kukaa kama siku nane za kazi. Maana yake kikomo kilikuwa kinatiiwa, lakini nafasi tano kati ya nane za benki zilikuwa zimezibwa na majalada yasiyosogea, na kazi yote ya kawaida ilikuwa inapenya kwenye nafasi tatu zilizobaki.

Hapa ndipo timu nyingi huanza ujanja, mara nyingi bila kujua kwamba ni ujanja. Mtu anapendekeza safu mpya iitwe "Imekwama". Majalada matano yanahamishiwa kule, benki inapata nafasi tano, mapya matano yanaingia, na namba inabaki safi. Baada ya mwezi safu ya "Imekwama" ina majalada 23 na haina kikomo. Ujanja mwingine ni kulirudisha jalada foleni na kufuta tarehe ya kuanza, kana kwamba halikuwahi kuguswa. Mwingine ni kuwaunganisha wakulima thelathini wa AMCOS moja katika mstari mmoja ulioandikwa "marekebisho ya majina", ambao kwa jedwali ni kazi moja.

Kila moja huacha alama. Kwa safu ya "Imekwama" kipimo ni chepesi: fomula ya hapo juu haijui safu, inajua tarehe tu, kwa hiyo itasema 39 wakati ubao unasema 16. Tofauti hiyo ndiyo habari. Kwa tarehe zinazofutwa, wekeni sharti kwamba tarehe ya kwanza ya kuanza haibadilishwi na mtu, na jalada likirudi foleni liandikwe kwenye safu nyingine limerudi mara ngapi. Kwa mistari iliyounganishwa hakuna fomula. Inabidi kusoma mistari yenyewe na kuuliza mstari unaohusu watu wengi unafanya nini pale.

Tarehe za kumaliza nazo zina siri yao. Hesabu majalada yaliyofungwa kwa kila siku ya wiki. Kama mengi yamefungwa Ijumaa na Jumanne hakuna hata moja, kuna uwezekano mkubwa kwamba jedwali linajazwa kwa ajili ya kikao cha Ijumaa na si kazi inapofanyika. Hapo namba za katikati ya wiki zote ni za kubuni, pamoja na zile zilizoonyesha utiifu.

Na kuna kazi ambazo hazifiki kwenye jedwali kabisa, zinazoanzia kwenye simu au WhatsApp na kuishia mkononi mwa karani asiyeweza kumkatalia aliyepiga. Kompyuta haizioni. Njia niijuayo ni kwenda kuhesabu kwa macho: majalada yaliyo juu ya meza Masasi, majalada yaliyo juu ya meza Newala, droo zikiwamo, kisha ulinganishe na jedwali la siku ile ile. Jedwali likisema 16 na meza zikisema 27, usianze kwa kumfokea mtu. Anza kwa kuiandikisha kila kazi ya ziada, hata kama kikomo kitaonekana kimepasuka vibaya. Afadhali jedwali jekundu linalosema kweli.

Turudi kwenye yale matano ya benki. Ilipochunguzwa, mawili yalikuwa ya marehemu. Warithi walihitaji barua ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo, na barua hiyo haipatikani kwa wiki moja wala mbili. Jalada kama hilo halina haki ya kushika nafasi ya benki, kwa sababu benki haina la kufanya nalo. Lakini likitupwa kwenye safu isiyo na mwisho litasahauliwa. Walilipa orodha yake, yenye jina la mtu anayefuatilia, tarehe ya kuulizia tena, na kikomo. Orodha ikijaa, linalofuata husubiri foleni, na familia huambiwa mapema ianzie mahakamani kabla ya kuja ofisini.

Matatu yaliyobaki yalikuwa yamekwama kwa sababu nyepesi na ya kuudhi: barua zilikuwa zimetumwa benki kwa nyakati tofauti, na hakuna aliyerudi kuulizia. Kila karani alikuwa na lake, na kila mmoja alikuwa amefungua jingine badala ya kulifuatilia. Kazi ya kikomo inaonekana hapa kuliko mahali pengine popote. Nafasi nane za benki zikijaa, karani wa ukaguzi aliyemaliza lake haruhusiwi kusukuma jingine mbele. Ana saa mbili tupu. Walikubaliana saa hizo zitumike benki: mtu mmoja aende mara mbili kwa wiki na orodha nzima, akae na mhusika, arudi na majibu ya wote. Kabla ya kikomo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kwenda, kwani kila mmoja alikuwa na jalada jipya la kufungua.

Kuna tundu moja la dharura linalofaa kuachwa wazi makusudi, nafasi moja tu ya ziada kwa jambo lisilongoja, mathalani mkulima aliyelazwa Ndanda ambaye familia yake inahitaji fedha ya matibabu. Ikishajaa, dharura ya pili inasubiri ya kwanza iishe. Kwenye jedwali iwekewe alama yake, ili mwisho wa mwezi ionekane imetumika mara ngapi. Ofisi inayoitumia kila siku imejipatia kikomo cha 17 bila kukubaliana.

Kanuni ya Little ni ya wastani, na inashika pale kinachoingia na kinachotoka vinapokaribiana kwa muda. Katika wiki za kilele, mnada ukifuatana na mnada, foleni itaongezeka na hakuna kikomo kitakachoizuia. Wiki hizo usitumie hesabu ya wiki moja na nusu kumwahidi mtu siku. Sema nafasi yake kwenye foleni na mwendo wa wiki iliyopita, mwache apige hesabu mwenyewe.

Kuhusu kubadilisha namba, nina msimamo mmoja: kikomo kisipandishwe siku kilipovunjwa. Siku hiyo watu wamechoka, mlangoni kuna kelele, na 20 itaonekana ya busara kuliko 16. Subirini kikao cha Jumatatu, fungueni historia ya wiki nne, mtazame majalada yaliyokuwa wazi kila siku, umri wa lile kongwe na yaliyofungwa kwa wiki. Kama makarani walikaa bila kazi huku foleni ikiwa ndefu, na benki haikuwa imeziba, kikomo ni kidogo mno, ongezeni mbili. Kama lile kongwe linazidi kuzeeka huku idadi ikiwa ile ile, punguzeni mbili kwenye ile hatua lilipokwama, kisha mtazame tena baada ya wiki nne nyingine.